Kaharabu Asili, Kaharabu ya Moto na Kaharabu ya Kushindiliwa: Tunachoweza Kukiona Katika Picha



Biashara ya tasbihi za kaharabu imehamia katika simu. Zamani mnunuzi alizishika punje kwa vidole vyake, akazinusa, akazipima uzito kiganjani, ndipo akatoa fedha. Leo anatumiwa picha tatu au nne na maneno mawili, "kaharabu asili", kisha anatakiwa atume malipo. Kwa kuwa familia kadhaa zimetuletea picha za namna hii zikitaka ushauri, safu yetu ya juma hili tumeiweka katika swali moja: picha ya punje ya kaharabu inaweza kutuambia nini, na kitu gani haiwezi kutuambia?

Wengi hudhani kuwa udanganyifu katika kaharabu ni wa plastiki tu. Plastiki ipo, na mtu makini huitambua upesi. Udanganyifu unaowapita hata wazoefu ni ule wa kuuza kitu ambacho ni kaharabu kweli, lakini kwa jina ambalo si lake. Mada iliyopikwa, ikatiwa rangi kwa moto, au ikasagwa na kushindiliwa upya, huitwa "asili" sawasawa na kipande kilichotoka ardhini na kung'arishwa tu. Bei za vitu hivi hutofautiana sana, na hapo ndipo haki ya mnunuzi inapopotea.

Kaharabu ni kitu gani

Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale uliogandika na kukaa ardhini kwa muda mrefu mno mpaka ukawa mgumu mithili ya jiwe laini. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile ya pwani za Bahari ya Baltiki: Poland, Lithuania na jimbo la Kaliningrad la Urusi, ambako uko mgodi mkubwa wa Yantarny. Umri wake unazidi miaka milioni 30. Kutoka huko husafiri hadi Uturuki, Misri na nchi za Ghuba, ambako huchongwa tasbihi, na baadhi ya tasbihi hizo hutufikia sisi kupitia mahujaji, jamaa walioko Omani na wafanyabiashara.

Inafaa tusiichanganye na sandarusi, ambayo wazee wetu waliifahamu vyema. Sandarusi pia ni utomvu wa mti, na katika karne ya 19 ilichimbwa kwa wingi katika Mrima na kupelekwa Unguja, kisha Ulaya na Marekani ili kutengenezewa vanishi. Lakini ni changa mno ikilinganishwa na kaharabu, nayo haijakomaa. Ukidondosha tone la spiriti juu ya sandarusi na kungoja kidogo, uso wake hulainika na kunata kidoleni. Kaharabu iliyokomaa hubaki kavu. Punje za sandarusi zikishang'arishwa hufanana na kaharabu kiasi kwamba picha peke yake haiwezi kuzitenganisha kwa yakini. Tunalitaja hili mapema ili msomaji ajue mipaka ya tutakayoyasema.

Jina lenyewe lina faida. Kaharabu limetokana na neno la Kifarsi lenye maana ya kinyakua mabua, kwa sababu ukiisugua kwa kitambaa huvuta vijiti na vipande vya karatasi. Kutokana na neno hilo Waarabu wamepata jina la umeme. Wauzaji hupenda kuonyesha jaribio hili katika video fupi. Jaribio halina uzito, kwani plastiki nyingi zikisuguliwa huvuta karatasi vilevile.

Tasbihi ya ndugu watatu

Mfano tutakaoufuata ni wa ndugu watatu waliochanga fedha ili wamnunulie baba yao tasbihi. Muuzaji aliwatumia picha ya tasbihi ya punje 33 za duara zenye rangi ya wekundu wa hudhurungi, pamoja na punje ndefu ya kichwani iliyochongwa majani. Maelezo yalisema: kaharabu asili ya Baltiki, ya miaka mia moja, haijaguswa na moto. Bei ilikuwa shilingi 900,000. Walituletea picha hiyo kabla ya kulipa.

Picha ya kwanza haikuwa na faida kubwa. Tasbihi ilikuwa imelazwa juu ya mahameli nyeusi chini ya taa ya rangi ya manjano, ikimetameta. Picha ya namna hii inaonyesha uzuri wa taa. Juu ya kitambaa cheusi, jicho halina kitu cheupe cha kulinganisha nacho, wala simu haina, na kwa hiyo rangi yoyote inawezekana. Tuliwashauri wamwombe muuzaji mambo matano: picha ya punje zote juu ya karatasi nyeupe, kivulini, mchana, bila taa, picha ya punje moja ikiwa na tochi nyuma yake, picha ya karibu ya tundu la uzi, picha ya karibu ya punje iliyochongwa, na uzito wa punje 33 peke yake kwenye mizani, pamoja na kipenyo cha punje moja. Kwa bahati njema tasbihi ilikuwa inasubiri kutungwa upya, hivyo kupima punje bila uzi hakukuwa na taabu. Muuzaji alikubali, na hilo tunamsifu kwalo.

Tulianza na uzito, kwa sababu ni hesabu isiyotegemea macho. Punje zilikuwa na kipenyo cha milimita 12. Punje ya duara ya kipenyo hicho, ukiondoa tundu la milimita 2, ina ujazo wa sentimita za ujazo 0.87 hivi, punje 33 ni karibu 28.6. Sentimita moja ya ujazo ya kaharabu ya Baltiki huwa na uzito wa gramu 1.05 hadi 1.10, basi punje zote zinapaswa kuwa gramu 30 au 31. Bekelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani iliyotumika sana kutengenezea tasbihi nyekundu na za rangi ya kiini cha yai, ina uzito wa gramu 1.25 au zaidi kwa ujazo huohuo. Tasbihi hiyohiyo ingefika gramu 36. Mizani ya muuzaji ilionyesha gramu 31.

Mwenye tasbihi mkononi anaweza kupata jibu hilo bila mizani. Koroga gramu 50 za chumvi, yaani vijiko vidogo vinane hivi vilivyosawazishwa, katika mililita 250 za maji mpaka iyeyuke yote, kisha tumbukiza punje iliyotolewa katika uzi. Kaharabu huelea na bekelaiti huzama. Suuza punje kwa maji baridi baadaye.

Ndugu hao walifurahi waliposikia kuwa uzito umekubali. Tuliwaambia wasubiri. Uzito umeiondoa bekelaiti tu. Sandarusi nayo ingefika gramu 30, na kaharabu iliyosagwa na kushindiliwa ingefika palepale, kwa kuwa mada ni ileile. Hata ukiichoma kwa sindano ya moto, kaharabu ya kushindiliwa hutoa harufu nzuri ya utomvu kama ndugu yake wa asili. Hapa ndipo majaribio ya nyumbani yanapokwisha na picha zinapoanza kuwa na kazi.

Rangi na tundu la uzi

Katika picha ya mchana juu ya karatasi nyeupe mambo mawili yalijitokeza. Kwanza, wekundu ulipungua, ikabaki hudhurungi. Pili, punje zote 33 zilikuwa na rangi moja. Kaharabu ya asili hutofautiana ndani ya kipande kimoja: sehemu angavu kama asali, sehemu yenye ukungu, sehemu nyeupe kama maziwa. Fundi anayetaka tasbihi inayolingana huchagua kwa uangalifu kutoka katika punje nyingi, na hata hivyo ukiziweka sambamba utaona michirizi ya hii si ya ile. Kulingana kabisa si ushahidi wa kutosha, bali ni sababu ya kutazama zaidi.

Picha ya tundu ndiyo iliyoanza kueleza kisa. Mdomo wa tundu ulikuwa mwekundu wa hudhurungi kama uso wa punje, lakini ndani, pale keekee ilipopita, palikuwa na rangi ya asali nyepesi. Maana yake ni kwamba wekundu ni ngozi tu, tena nyembamba, isiyofika milimita moja.

Ngozi hiyo hupatikana kwa njia mbili. Hewa na mwanga huigeuza kaharabu polepole. Kipande cha rangi ya asali kikikaa miongo mingi huwa chekundu juu, na uso wake huota mtandao wa nyufa ndogondogo. Njia ya pili ni tanuri. Kaharabu ikiokwa kwenye joto penye hewa, hupata kwa saa au siku chache rangi ambayo ingechukua maisha ya mtu. Basi ngozi ya giza juu ya moyo wa rangi nyepesi haithibitishi umri. Wala haithibitishi ughushi, maana hata bekelaiti ya zamani hupata ngozi kama hiyo. Tofauti hutafutwa mahali pengine: katika mikwaruzo na mikunjo ambayo vidole vya mwanadamu huiacha.

Tundu la tasbihi iliyotumika miaka mia moja huwa limelika. Uzi huutafuna mdomo wake, punje hugongana na kubanduana ngozi pale zinapokutana. Katika picha tuliyoletewa, midomo ya matundu ilikuwa mikali kama iliyotobolewa jana. Tena kama tundu lingekuwa limetobolewa miaka mia iliyopita, nalo lingekuwa limegeuka rangi, angalau kwenye mdomo wa ndani. Hili la asali safi lilionyesha kuwa punje ilitiwa rangi kwanza, kisha ikatobolewa, na si zamani.

Punje iliyochongwa

Punje ndefu ya kichwani ilithibitisha hilo. Mchoro wa majani ulikuwa na mifereji ya rangi nyepesi juu ya uso wa giza, unapendeza machoni kama nakshi ya mlango. Lakini hebu tufikiri. Nakshi ikichongwa na kutumiwa kwa miaka mingi, sehemu zilizoinuka ndizo zinazosuguliwa na vidole, kwa hiyo ndizo zinazopoteza ngozi na kuwa nyepesi. Mifereji iliyojificha ndiyo inayobaki na giza na uchafu wa miaka. Hapa mambo yalikuwa kinyume chake: juu giza, ndani nyepesi, na kingo zote kali. Huo ni mchoro uliopita juu ya ngozi iliyokwisha kuokwa.

Jambo jingine la kutazama katika vipande vilivyochongwa ni kama vilichongwa kwa kweli. Chombo cha kuchongea huacha mikwaruzo midogo sambamba ndani ya mfereji, na hakuna majani mawili yanayofanana kwa kila kitu. Kipande kilichomiminwa katika kalibu huwa na kingo butu na mifereji laini, mara nyingine kiputo kimekaa katika kona ya mchoro, na pembeni huonekana mstari mwembamba ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Punje ya ndugu zetu ilikuwa na mikwaruzo ya chombo, kwa hiyo ilichongwa kweli.

Picha ya tochi

Tuliiacha picha hii mwisho kwa sababu ndiyo iliyokata shauri. Tochi ikiwekwa nyuma ya punje, mwanga hupita ndani yake, nayo hujifunua.

Kitu cha kwanza tulichokiona ni visahani vidogo vya duara vinavyometa, vingi, kama magamba ya samaki yaliyotawanywa ndani ya asali. Wauzaji huviita alama za jua na kuvisifu kuwa ni dalili ya uasili. Sivyo. Ndani ya kaharabu mna viputo vidogo vya hewa na maji. Kaharabu ikipashwa moto, yaliyomo katika kiputo hutanuka. Ikipoozwa au shinikizo likipunguzwa kwa haraka, mada iliyo kando ya kiputo hupasuka ufa mwembamba wa duara, na ufa huo ndio unaomulika. Katika kaharabu ambayo haijaguswa na moto, visahani hivi ni nadra. Vikijaa namna ile, basi maneno "haijaguswa na moto" yamekwisha kanushwa na punje yenyewe.

Hapa tuongeze haki ya upande wa pili. Kupashwa moto si kughushi kwa dhati yake. Kaharabu nyingi inayochimbwa huwa na ukungu, na mafundi huisafisha katika chombo cha shinikizo na joto ili iwe angavu. Ni kazi inayojulikana na kukubalika katika biashara hii, nayo hubaki kuwa kaharabu. Ubaya ni kuificha, au kudai kinyume chake.

Kitu cha pili kilikuwa kizito zaidi. Ndani ya punje palionekana vipande vya angavu na vya ukungu vimekaa ubavu kwa ubavu kama vigae vya sakafu, na katikati yao imepita mistari myembamba ya wekundu mithili ya mishipa ya damu. Viputo vilivyokuwemo vilikuwa virefu, vimebanwa, vyote vimelala upande mmoja. Hiyo ndiyo sura ya kaharabu ya kushindiliwa. Vipande vidogo na makombo ya karakana husafishwa, hupashwa moto wa nyuzi 200 hivi za Selsiasi au zaidi, kisha hushindiliwa kwa nguvu mpaka vishikane viwe donge moja. Kazi hii imefanywa tangu mwishoni mwa karne ya 19. Uso wa kila kipande ulikuwa umekwisha kugeuka mwekundu kidogo kabla ya kushindiliwa, na wekundu huo hubaki ndani ya donge kama mipaka ya mashamba. Viputo navyo hunyooka kwa kufuata mwelekeo wa shinikizo.

Msomaji asichukue kwamba kila kiputo ni dalili mbaya. Kaharabu ya asili ina viputo, tena ile nyeupe kama maziwa ni nyeupe kwa sababu ya viputo vidogo sana visivyohesabika, ambavyo jicho haliwezi kuvitenga kimoja kimoja. Plastiki iliyomiminwa nayo ina viputo, kwa kawaida vichache, vya duara kamili, vikielea peke yake katika mada safi isiyo na kitu kingine. Basi swali la kuuliza ni hili: viputo vina umbo gani, vimelala vipi, na vimezungukwa na nini?

Hali ni hiyohiyo kwa wadudu. Hakuna mdudu aliyekuwemo katika tasbihi hii, lakini wauzaji wengi huuza vipande vyenye mdudu kwa bei kubwa zaidi. Mdudu aliyenaswa katika utomvu wa mti alihangaika kujinasua. Mara nyingi mguu umekatika, bawa limekunjika, ukungu mweupe umemfunika upande mmoja, na kando yake kuna vumbi la magome au nywele ndogo sana zenye umbo la nyota zilizotoka katika miti ya mialoni. Kwa kawaida ni mdogo, wa milimita chache. Nge mzima mwenye mkia uliopinda vizuri, amekaa katikati ya kipande angavu kisicho na takataka nyingine yoyote, karibu siku zote amewekwa na mkono wa mwanadamu ndani ya plastiki.

Yaliyofuata

Ndugu wale walimwandikia muuzaji kwa adabu wakamwuliza maswali mawili: je, punje hizi zimepashwa moto, na je, ni kipande kimoja kimoja au zimeshindiliwa? Waliomba ajibu kwa maandishi. Alikaa siku mbili. Kisha akajibu kuwa alizinunua kwa jumla kutoka kwa mtu mwingine, kwamba baada ya kuuliza ameambiwa ni za kushindiliwa, na kwamba yuko tayari kuziuza kwa shilingi 200,000. Hatuna sababu ya kusema alijua tangu mwanzo. Huenda alirudia maneno aliyouziwa. Lakini kama swali lisingeulizwa, tofauti ya shilingi 700,000 ingetoka katika mifuko ya vijana watatu.

Dini yetu imelizungumza jambo hili kwa ukaribu wa kushangaza. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakutana na unyevu uliofichwa chini ya kikavu. Mwenye chakula alisema kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamwuliza kwa nini hakuuweka unyevu huo juu ili watu wauone, na akatoa onyo kali juu ya mwenye kughushi. Tuzingatie kwamba chakula chenyewe kilikuwa chakula kweli. Kosa lilikuwa katika kile kilichowekwa juu na kile kilichofichwa chini. Imepokewa pia makatazo ya kumwacha mnyama bila kukamuliwa siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi amdhanie ana maziwa mengi. Mnunuzi wa mnyama huyo amepewa hiari ya kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Kuioka kaharabu ili ionekane ya miaka mia moja, kisha kuiuza kwa umri huo, kunafanana sana na kiwele kilichojazwa kwa hila.

Lakini mnunuzi naye ana wajibu, na hapa wengi hushangaa. Katika Fat-hul Muin, kitabu kinachofahamika vyema na wanafunzi wa fiqhi ya Kishafii, umetajwa mfano wa mtu aliyenunua kigae cha kioo akidhani ni johari. Hana hiari ya kurudisha kwa sababu ya kupunjika huko peke yake, kwa kuwa alifuata dhana yake mwenyewe bila kuchunguza. Maana yake kwetu ni hii: ikiwa muuzaji amenyamaza, akaweka picha tu, nawe ukajisemea moyoni kuwa hii bila shaka ni kaharabu, hoja yako itakuwa dhaifu utakapotaka kurudishiwa fedha. Ikiwa ametamka kuwa ni kaharabu ya asili isiyopashwa moto, na ikadhihirika sivyo, mambo hubadilika, kwa sababu amekuuzia sifa isiyokuwepo. Na katika madhehebu hayo, aliyegundua aibu katika alichonunua hutakiwa arudishe upesi. Akiendelea kuitumia kwa miezi, huhesabiwa ameridhia.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, pata maneno. Chama cha kimataifa cha kaharabu chenye makao yake Gdansk, Poland, kinaigawa kaharabu ya Baltiki katika mafungu ambayo kwa lugha yetu tunaweza kuyaita hivi: ya asili, ambayo imekatwa na kung'arishwa tu, iliyorekebishwa, ambayo imepashwa moto au kubadilishwa rangi na uwazi, iliyoshindiliwa, ambayo imeundwa kwa vipande, na iliyounganishwa, ambayo ni tabaka mbili au zaidi zilizogandishwa. Mwombe muuzaji achague neno moja kati ya hayo manne na aliandike. Akisema hajui, hilo ni jibu la uaminifu, nawe ulipe bei ya kitu kisichojulikana. Akikataa kuandika chochote ilhali bei yake ni ya asili, umekwisha pata jibu.

Wenye maduka wanaosoma safu hii nao wanaweza kuanza kwa tochi. Tochi ya urujuanimno, ile inayokagulia noti, husaidia pia gizani: kaharabu ya Baltiki kwa kawaida hutoa mng'ao wa samawati hafifu au manjano, hasa mahali palipokatwa karibuni, na bekelaiti hubaki imezubaa. Wasiitegemee peke yake, kwa kuwa zipo plastiki zilizotiwa dawa ya kung'aa, na kaharabu yenye ngozi nzee hung'aa kidogo tu. Kwa kipande cha bei kubwa, jibu la mwisho hutolewa na maabara ya vito kwa kipimo cha miale ya infraredi, ambacho huitenga kaharabu ya Baltiki na sandarusi bila kukiharibu kipande.

Ndugu wale watatu waliinunua tasbihi ile kwa shilingi 200,000. Katika risiti waliomba yaandikwe maneno "kaharabu ya Baltiki, iliyoshindiliwa, rangi ya tanuri", na baba yao aliambiwa hivyohivyo alipokabidhiwa. Fadhila za dhikri haziongezeki kwa uasili wa punje wala hazipungui kwa kushindiliwa kwake. Fedha zilizobaki walizigawana.

Wallahu aalam.